Kufuta mtu aliyekatiza kwenye video: ununue programu gani (na kwa nini pale ulipomfuta panachemka)

Wapiga video za harusi hapa Unguja swali lenu ni moja, mtu kapita nyuma ya bibi harusi, ntamfuta na nini? Nawapangia kwa nnavyoona mimi, ila kwanza mjue pale mahali pa kufuta panachemkia nini. Programu inabuni kilichokuwa nyuma ya yule mtu, na ikibuni kila fremu kivyake basi hii inatoka hivi na ile inatoka vile kidogo, ukisimamisha picha kila fremu safi kabisa, ukicheza sasa, fremu 25 kwa sekunde, panatetemeka.

Mwezi uliopita Forodhani, bibi harusi kaipa mgongo bahari, mzee na ndoo yake kapita pembeni yake, sekunde 4 tu, yaani fremu 100. Nkamfuta kwa programu. Miguu ilikuwa mbele ya ukuta wa mawe, pale pakatoka vizuri mana jiwe halendi popote, akishasogea programu inalichukua kutoka fremu nyengine. Kiwiliwili kilikuwa mbele ya maji, na wimbi halijirudii, hakuna fremu yenye maji yale yale, pakachemka kama uji.

Kilichoniokoa ni stendi, kamera niliiacha inarikodi sekunde 10 baada ya mzee kupita. Kipande kile kitupu nkakiweka juu ya kile cha mwanzo, nkakata umbo la mzee tu na kingo nkazilainisha, kwisha. Weka video, sio picha moja iliyoganda, mana kwenye video zile chengachenga za kamera zinacheza kote sawa, picha iliyoganda utaona kiraka kimekufa peke yake. Na mwanga ufunge mwenyewe, ukiacha otomatiki wingu likipita kiraka kinageuka rangi.

Kwa hiyo namba 1 kwangu DaVinci Resolve ya bure, kazi hiyo inaimaliza kama una stendi na kipande kitupu.

Namba 2 Resolve Studio, dola 295 unalipa mara moja. Mle mna Object Removal, unachora duara, unamfuatilisha mtu, unabonyeza Scene Analysis. Inunue kama unapiga kwa mkono na nyuma yako huwa kuta, vichochoro vya Mji Mkongwe. Kwa bahari au majani ya mnazi usiitegemee.

Namba 3 After Effects, Content-Aware Fill yake nzuri, unaweza kuitengenezea fremu moja ya mfano kwenye Photoshop ikaifuata, lakini unalipa kila mwezi, kwa harusi mbili tatu haikulipi.

App za simu mwisho. Na kabla hujatoa pesa yoyote ijaribu kwa klipu yako mwenyewe yenye maji, uitazame ikicheza kwenye tivi kubwa, kwenye simu mtetemo huuoni.