Tahadhari: fundi anayedai laki nne "kufufua" faili la Outlook anatumia kifaa ambacho tayari unacho

Ndugu zangu wenye ofisi ndogo zinazoishi kwa barua pepe, someni hili kabla hamjamkabidhi mtu laptopu yenu. Mimi nimelipa 400,000, nimekaa siku tatu bila kazi, na barua za wateja wangu zimepita mikononi mwa mtu nisiyemjua. Jina la duka sitalitaja. Ujanja wenyewe ndio nataka muujue, maana anaweza kuutumia fundi yeyote, mjini popote.

Nina ofisi ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Asubuhi moja umeme ulikatika Outlook ikiwa wazi, na laptopu yangu betri ilishakufa zamani, kwa hiyo ilizima hapo hapo. Umeme uliporudi, Outlook ikagoma. Ikaniletea ujumbe kwamba kuna hitilafu kwenye faili la `Outlook.pst`, nifunge programu zote za barua kisha nitumie kitu kinachoitwa Inbox Repair Tool. Niliusoma juu juu tu. Kumbe dawa ilikuwa imeandikwa palepale kwenye ujumbe wenyewe.

Fundi alikuja saa nne asubuhi. Akaangalia skrini, akatikisa kichwa, akasema faili limekufa na linahitaji programu ya kununua nje kwa dola. Alitaka 400,000, nusu mbele. Nilikubali kwa sababu niliogopa. Akaunti yetu ni ya POP3, inayoshusha barua kwenye kompyuta, na ilikuwa imepangwa kufuta barua kwenye seva baada ya siku 14. Barua za miaka sita, hati za mizigo, ankara, makubaliano na mawakala wa meli, vyote vilikuwa ndani ya faili lile moja la GB 6.3. Akaondoka na laptopu. Alirudi siku ya tatu, Outlook ikafunguka, nikamalizia hela.

Wiki mbili baadaye ujumbe uleule ukarudi. Nikampigia, akasema "virusi vimelirudia faili," niandae 200,000 nyingine. Ndipo nikampigia mdogo wangu, anayesimamia kompyuta za shule moja Morogoro. Akaniambia, "Dada, usimpe hata senti. Fungua folda lenye hilo faili, unisomee kila kilichomo."

Pembeni ya `Outlook.pst` kulikuwa na mafaili mawili ambayo sikuyaweka mimi: `Outlook.bak` na `Outlook.log`. Akaniambia nifungue hilo la `.log` kwa Notepad. Juu kabisa lilijitambulisha kuwa la Microsoft Inbox Repair Tool. Saa ya faili hilo ilikuwa 11:42, siku ileile aliyochukua laptopu. Yaani alikuwa ameshamaliza saa sita kasoro, chini ya saa mbili tangu atoke ofisini kwangu. Hakuna kilichonunuliwa nje. Alitumia kifaa kinachokuja na Office yenyewe, bure, akakiendesha mara moja tu, halafu akakaa na laptopu yangu siku tatu.

Kifaa chenyewe kinaitwa `SCANPST.EXE`. Kwenye menyu ya Start hukioni, kimekaa ndani ya folda la Office, na hapo ndipo wanapotupatia sisi tusiojua. Kwa Outlook 2016 kuja juu, mara nyingi kiko hapa:

```
C:\Program Files\Microsoft Office\root\Office16\SCANPST.EXE
```

Kama Office yako ni ya biti 32, tafuta ndani ya `Program Files (x86)`. Outlook 2013 folda lake ni `Office15`, ya 2010 ni `Office14`. Ile Outlook mpya ya bure inayokuja na Windows haina kifaa hiki, kipo kwenye ile ya kawaida ya Office. Na tafadhali sana, msikipakue kwenye tovuti yoyote inayojitangaza kukitoa. Hakitolewi peke yake, kinakuja pamoja na Office, kwa hiyo anayekupa kando anaweza kuwa anakupa kitu kingine kabisa.

Mdogo wangu aliniongoza kwa simu, nami nawaeleza kama tulivyofanya. Kwanza nilifunga Outlook. Pili, kabla ya kugusa chochote, nilinakili `Outlook.pst` kwenye diski ya nje. Hatua hii msiiruke hata mkiwa na haraka kiasi gani, kwa sababu kifaa hiki kinatengeneza kwa kuandika juu ya faili lenyewe, na sehemu ambazo hakiwezi kuzisoma kinaweza kuzitupa. Kweli kina kisanduku cha kutengeneza bakapu, na mkiache na alama yake, lakini ukirudia raundi ya pili bakapu mpya inaweza kuandikwa juu ya ile ya kwanza. Nakala yako ya pembeni ndiyo inayobaki na hali ya mwanzo. Hakikisheni pia diski ina nafasi: faili la GB 6.3 linataka GB 6.3 nyingine za bakapu.

Kisha nikafungua `SCANPST.EXE`, nikabofya Browse nikachagua faili, nikabofya Start. Kinapita hatua nane, na chini yake unaona kinahesabu. Kwangu kulikuwa na muda kilionekana kimeganda kabisa, dirisha likaandika halijibu. Mdogo wangu akanikataza kulifunga. Baada ya kama dakika 25 kikasema kimekuta makosa. Nikabofya Repair, nikasubiri tena, kikaandika `Repair complete`.

Fundi yule aliishia hapo. Sisi tulianza upya, Start tena kwenye faili lilelile. Kikakuta makosa mengine! Ukirekebisha tabaka moja la faili, yale yaliyokuwa yamefunikwa chini ndiyo yanaonekana, kwa hiyo raundi moja mara nyingi haitoshi. Raundi ya tatu ikaja na maneno kwamba zimebaki kasoro ndogo tu na kuzitengeneza ni hiari. Hapo ndipo pa kuacha. Naamini ile ya wiki mbili baadaye haikuwa virusi hata kidogo, yalikuwa ni makosa yaliyoachwa ndani.

Bado kuna hatua moja ambayo fundi hakuigusa, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Tulipofungua Outlook tukabonyeza Ctrl na 6 ili folda zote zionekane. Likatokea folda la `Lost and Found`, lenye barua zaidi ya mia mbili zilizopoteza folda zao. Ndani yake nilikuta barua za mteja mmoja wa Lubumbashi ambazo kwa wiki mbili nilidhani zimepotea moja kwa moja, hadi nikamwomba anitumie hati upya. Tukatengeneza faili jipya la `.pst`, tukahamishia barua hizo humo, na hizo folda nyingine nazo tukazihamisha polepole. Faili lililowahi kuharibika halifai kuendelea kuwa nyumba ya kudumu ya barua zako.

Sasa, kuna hali ambazo kifaa hiki hakiwezi, na hapo ndipo fundi wa kweli anastahili malipo yake. Hakirudishi barua ulizofuta zamani. Hakiponyi diski inayokufa: kama laptopu inatoa mlio wa kugonga au kunakili faili kunakwama katikati, acheni kila kitu na mtafuteni mtu wa kuokoa data. Na kama mwanzo wa faili umeharibika, kitasema hakilitambui kabisa. Hilo mnaweza kulipima wenyewe kwenye PowerShell, lile dirisha la kuandikia amri linalokuja na Windows, mkisoma baiti nne za kwanza za nakala yenu:

```
Get-Content "D:\nakala\Outlook.pst" -Encoding Byte -TotalCount 4
```

Faili lenye mwanzo mzima linatoa 33, 66, 68, 78. Mkipata sifuri nne, umeme ulipokatika sehemu hiyo ilibaki tupu, na `SCANPST` haina pa kuanzia. Fundi akisema "faili limekufa", mwombeni awaonyeshe hizo namba. Langu lilitoa 33, 66, 68, 78 bila shida, kwa hiyo habari ya kufa ilikuwa uongo tangu dakika ya kwanza.

Kingine: angalieni mwisho wa jina la faili. Likiwa `.ost` badala ya `.pst`, mara nyingi ni nakala tu ya barua zilizoko kwenye seva, kama akaunti yenu ni ya Exchange, Microsoft 365 au IMAP. Ingieni kwanza kwa kivinjari mhakikishe barua zipo kule. Zikiwepo, fungeni Outlook, mlibadilishe jina faili hilo, mfungue tena, nayo itazishusha upya. Rafiki yangu wa duka la jirani alidaiwa 250,000 kwa `.ost`. Tulimaliza kwa muda wa kunywa chai, gharama ikawa bando tu. Kilichokuwa hatarini ni vile vitu alivyohifadhi kwenye kompyuta peke yake, ndiyo maana faili la zamani tulilibadilisha jina tu bila kulifuta.

Hela nimeshakubali zimekwenda. Kinachoninyima usingizi ni nakala. Mtu aliyekaa siku tatu na barua zangu ana majina ya wateja, kiasi wanachodaiwa, na mfano wa ankara zangu zenye saini. Akitaka, anaweza kuwaandikia kwa jina langu kwamba tumebadilisha akaunti ya benki. Nimebadilisha nywila za barua zote, na nimempigia kila mteja mkubwa kwa sauti yangu kumwambia: akaunti yetu ni ileile, ukipata barua inayosema vingine usilipe, nipigie.

Kwa hiyo mkilazimika kumwita fundi, kaeni naye afanyie kazi palepale ofisini, kwenye nakala, na faili la asili libaki kwenye diski iliyoko mkobani mwenu. Akimaliza mwambieni afungue `.log` mbele yenu. Aliyekwisha kutapeliwa kwa njia hii aangalie leo folda lake kama kuna `.bak` na `.log`, atazame saa iliyoandikwa hapo, azipige picha. Mimi zangu nimezipiga picha, na Jumatatu naenda nazo dukani kudai hela yangu.