Nilivyousoma Ujamaa Nikiwa Mpinzani Wake: Vitabu Viwili

Habari zenu watazamaji, karibuni tena hapa Mwanga, Kigoma. Mkisikia pikipiki zinapita nyuma yangu mvumilie, dirisha nikilifunga joto litanimaliza.

Leo nina kitabu kimoja mkononi, na cha pili sinacho, kiko kwa mtu. Mtajua kwa nini. Vyote vinagusa vijiji vya ujamaa. Kimoja kimeandikwa na mwenye imani na jambo lenyewe, kingine na mwenye mashaka nalo. Nataka tuone kipi kinaweza kumsaidia mtu wa upande mmoja amwelewe wa upande wa pili bila kudanganywa.

Niseme kabisa nasimama wapi, msije mkadhani mimi ni mwamuzi. Nauza mawese. Bibi yangu alihamishwa enzi za operesheni, ambayo hapa Kigoma ilianza 1972, kabla amri ya kuishi vijijini haijatangazwa kwa nchi nzima Novemba 1973. Aliacha michikichi yake bondeni. Sasa mchikichi si muhogo, kwamba utakata shina, utachomeka kijiji kipya, mwakani unachimba. Unaanza upya na kusubiri miaka. Hadi anafariki, bibi akipita njia ile alikuwa anageuza uso. Nimekua nikijua kwamba ujamaa ni watu wa ofisini kumfundisha mkulima kulima. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa habari yote.

Basi kitabu cha kwanza ni hiki hapa, Ujamaa, insha za Mwalimu Nyerere zilizokusanywa 1968. Ndani yake nenda moja kwa moja kwenye andiko la Ujamaa Vijijini, la Septemba 1967. Nilianza kulisoma nikiwa na kalamu nyekundu, nikitafuta mahali pa kumkamata. Nikakwama mwanzoni tu. Anaisifu familia ya jadi, kwamba watu waliheshimiana, waligawana, kila mtu alifanya kazi. Nikasema haya, ndoto zimeanza. Kumbe anageuka na kuitaja kasoro yake: wanawake walifanya kazi kuliko sehemu yao ya haki, na bado wanafanya. Halafu anaongeza kwamba maisha yale yalikuwa ya umaskini. Yaani pingamizi nililotaka kumrushia analishika mwenyewe kabla sijalitupa. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ninayoitafuta kwa mwandishi wa upande mwingine: anawajua wanaombishia, na anazitaja hoja zao zikiwa na nguvu zake.

Kilichonishangaza zaidi ni hatua anazozipendekeza. Kwanza watu washawishiwe kusogeza nyumba zao pamoja, karibu na maji. Baadaye kikundi kidogo, labda cha nyumba kumi, kishawishiwe kuanza shamba la pamoja, huku kila mtu akiendelea na lake. Wakishaona faida na kuaminiana ndipo la pamoja likue. Na serikali isijaribu kuviendesha vijiji hivyo, isaidie tu watu waviendeshe wenyewe. Mwaka uliofuata, 1968, akaandika wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kuingia kijiji cha ujamaa. Mimi mjukuu wa mwenye michikichi nikakifunga kitabu kidogo. Niliyekuwa nabishana naye miaka yote hakuwa mwandishi wa andiko hili.

Lakini hapa ndipo kitabu kinapokuacha njiani. Kiliisha 1968. Hakiwezi kukueleza jinsi ushawishi ulivyogeuka amri miaka mitano baadaye. Ukikisoma peke yake utatoka unaimba, na hutaelewa kwa nini bibi aligeuza uso.

Cha pili ni cha Mmarekani James C. Scott, kinaitwa Seeing Like a State, cha 1998. Ni kwa Kiingereza, na si chepesi. Msijitese na chote, sura ya vijiji vya Tanzania inajitegemea. Huyu ni mkosoaji, hafichi. Anasema kati ya 1973 na 1976 walihamishwa watu wasiopungua milioni tano. Anaeleza jinsi nyumba zilizopangwa mstari kando ya barabara zilivyompendeza ofisa anayepita na gari, wakati mwenye nyumba shamba lake limebaki mbali. Anaeleza viongozi walivyohesabu vijiji na watu waliohamia, kwa kuwa hivyo vinahesabika, na ujuzi wa mkulima juu ya udongo wake ukakosa safu kwenye ripoti. Niliposoma hapo nilimwona bibi.

Sasa haki yake iko wapi? Kabla ya kuchambua chochote anamweka Mwalimu mahali pake. Anasema uhamishaji huu ulifanywa hasa kwa ajili ya maendeleo na huduma, haukuwa wa kuadhibu watu wala kufukuza kabila, na ukilinganisha na ule wa Urusi ya Kisovieti ulikuwa na upole. Ananukuu hotuba ya 1962, Mwalimu akieleza kwamba tukiishi tumetawanyika hatutaweza kuwapatia watoto shule. Tena anaonya kwamba hautetei ubepari wa soko huria, kwa sababu nao unasawazisha watu vilevile. Na anaonyesha kwamba wakoloni walitangulia na mradi wa karanga, ule uliofika hadi Urambo kule Tabora.

Nina ugomvi naye mmoja. Sura ile ameijenga juu ya utafiti wa watu wengine, yeye mwenyewe alikaa kijijini Malaysia. Ndiyo maana shule na zahanati anazipitia haraka mno. Mama yangu alijifunza kusoma kwenye kijiji kilekile bibi alichokilaani. Bila kijiji kile mimi nisingekuwa na kitabu mkononi leo. Scott hajanipa pa kuliweka hilo.

Jinsi ya kujua kama kitabu kimekusaidia kweli: mtafute mwenye imani hiyo, mweleze hoja yake kama yako, asikie. Jirani yangu ni mzee, mwalimu mstaafu, ujamaa anautetea hadi leo. Nilimwendea na insha zile. “Shikamoo mzee, naomba nikueleze unachoamini.” Akacheka, akanisogezea kigoda. Nikasema: ninyi mliamini kwamba serikali inajua zaidi kuliko mkulima. Akanikatiza palepale, “Hapo umejisema wewe, mwanangu. Mimi bado hujanisema.”

Nikarudi nyumbani, nikasoma tena. Mara ya pili nikamwambia: mliamini kwamba mtu mmoja bondeni hawezi kupata mwalimu, dawa wala bomba, na kwamba mwenye nacho akiachwa atawaajiri wenzake hadi wawe vibarua wake, kwa hiyo bora watu wasogee pamoja mapema, kwa hiari. Akakaa kimya. Akasema, “Hapo kwenye hiari ndipo tulipoanguka. Mengine ndivyo.”

Ndipo nikamwachia Scott. Kwa hiyo kama uko upande wangu, anza na insha za Mwalimu, usianze na mkosoaji, maana mkosoaji atakupa unachokijua tayari. Kama uko upande wa mzee, anza na Scott, sura ile moja tu.

Nilimpitia juzi. Kitabu kiko kitandani, kina miwani juu yake. Nikafunua nione amefika wapi. Pambizoni ameandika kwa penseli, kurasa nyingi, “Si kweli.” Kwenye ukurasa wa nyumba za mstari hakuandika kitu, amekunja pembe tu. Akaniambia nisikichukue, bado hajamaliza.