Bajeti ya makosa: tuhesabu dakika au maombi?

Chukua mfumo wa tiketi za boti hapa Kigoma, wenye lengo la kufanya kazi vizuri kwa asilimia 99.9 ndani ya siku 30. Ukipima kwa dakika, bajeti ya makosa, yaani kiasi cha hitilafu kinachoruhusiwa, ni dakika 43. Ukipima kwa maombi ambayo wateja wanatuma kwa seva, tuseme 200,000, yanaruhusiwa kufeli 200.

Seva ikilala dakika 40 saa tisa usiku, bajeti ya dakika inakaribia kuisha, ilhali yamefeli maombi kumi tu. Ikilala dakika 10 asubuhi abiria wamejaa, yanafeli 600. Hapo dakika zinadanganya.

Ila dakika ni nafuu: skripti ya kugonga seva kutoka nje inatosha. Maombi yanadai logi safi, na mtandao ukikatika njiani, ombi lisilofika halihesabiwi. Wateja wako wakiwa wachache, ombi moja tu likifeli linaweza kumaliza bajeti. Anza na dakika.