Mafaili ya wagonjwa kwenye Google Drive: uzoefu wa zahanati yetu baada ya mwaka mmoja

Zahanati yetu ina matabibu wawili, wauguzi watatu na karani mmoja wa mapokezi. Kwa miaka mingi mafaili ya wagonjwa yalikaa katika makabati mawili ya chuma, hadi paa lilipovuja msimu wa masika na kulowesha droo nzima. Hapo ndipo tulipoanza kuskani karatasi na kuzihifadhi Google Drive. Tulichagua akaunti ya kulipia ya Google Workspace iliyo kwa jina la zahanati, kwa kuwa mafaili yakikaa kwenye Gmail ya mfanyakazi, siku akiacha kazi anaondoka nayo.

Mwanzoni tulikuwa tukiskani kwa rangi, dpi 300, na kila ukurasa ulikaribia MB 1, jambo lililomaliza bando na uvumilivu wa karani kwa pamoja. Tulipohamia dpi 200 isiyo na rangi, mwandiko wa tabibu uliendelea kusomeka (kadiri mwandiko wa tabibu unavyoweza kusomeka) na uzito ukashuka hadi takriban nusu. Faili tunalipa namba ya mgonjwa na mwaka tu, mfano `04217_2023.pdf`, bila jina wala ugonjwa, kwa sababu jina la faili huonekana hata kwenye barua pepe inayomjulisha mtu kwamba ameshirikishwa, kabla hajafungua chochote.

Kosa letu kubwa lilitokea mwezi wa tatu, na lilikuwa letu wenyewe. Tulimpa rufaa mama mmoja mjamzito, na daktari aliyempokea akaomba kuona vipimo vyake vya awali. Karani, akitaka kumsaidia haraka, alifungua dirisha la kushirikisha, akabadilisha `Restricted` kuwa `Anyone with the link`, kisha akatuma linki kwa WhatsApp. Tatizo ni kwamba hakubofya faili la mama yule, bali folda ya kliniki ya wajawazito ya mwaka mzima, na katika Drive ruhusa unayoipa folda hushuka hadi kwenye kila kilichomo ndani yake. Baada ya saa moja hivi daktari alinipigia: “Tabibu, samahani, mbona naona wagonjwa wenu wote?”

Nilirudisha folda kwenye `Restricted` papo hapo, na linki ile ikakoma kumfungulia mtu yeyote ambaye hakuwa ameruhusiwa kwa barua pepe yake. Lakini sikuweza kujua kwa uhakika kama kuna mwingine aliyeifungua kabla ya hapo, kwa maana linki iliyo wazi haimuulizi mtu jina lake. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, taarifa za afya ni taarifa nyeti, kwa hiyo kusema “tulikosea kubofya” hakukututosha hata sisi wenyewe.

Tangu siku ile kila mgonjwa ana folda yake. Karani anaweza kuingiza mafaili mapya kwenye folda ya mapokezi tu, na tabibu ndiye anayeyahamishia yanakostahili. Rufaa ikitokea, tunashirikisha faili moja, kwa barua pepe ya daktari mmoja, kwa kiwango cha `Viewer`, tukizima ruhusa ya kupakua na kuchapisha na kuweka tarehe ya ukomo, kwa kawaida siku 7. Kila Ijumaa mchana ninafungua mafaili yaliyoshirikishwa wiki hiyo na kusoma orodha ya majina yaliyomo kwenye dirisha la kushirikisha. Wiki iliyopita nilimkuta muuguzi aliyeacha kazi mwezi uliotangulia bado yumo kwenye folda mbili, nikamwondoa.

Kuzima upakuaji hakumzuii mtu kupiga picha skrini kwa simu, na hilo tunamweleza mgonjwa tunapomwomba ridhaa. Aidha, faili lililofutwa hukaa kwenye pipa la taka siku 30 kisha hupotea, ndiyo maana tuna diski ya nje iliyofungwa kwa nywila, ambayo huunganishwa mara moja kwa wiki na kurudishwa kabatini. Intaneti ikikatika, tunarudi kwenye karatasi, hivyo makabati hatujayauza.

Huduma yenyewe ninaipa nyota nne. Nyota ya tano ninaizuia kwa sababu kitufe kinachofungua folda nzima kwa kila mwenye linki kiko mbofyo mmoja tu kutoka kwenye kile kinachompa daktari mmoja faili moja, na karani mwenye foleni ya watu ishirini mbele ya dirisha lake hana muda wa kutofautisha.