Habu, swichi au ruta: mkichanga hela, anzeni na ipi?

Vijana wa chuo wanaokuja dukani kwetu Mwanjelwa huwa wamechangishana hela za kifaa kimoja cha kufanyia mazoezi ya mitandao. Mpangilio wangu haujabadilika: swichi ya matundu 8 kwanza, ruta ya pili, habu mwisho kabisa. Sababu zake ni zilezile zinazowachanganya kwenye mtihani.

Kaka, habu na swichi si zinafanana?
Kwa nje tu. Habu hurudia kila inachopokea kwenye matundu mengine yote, kwa hiyo kompyuta mbili zikituma pamoja, mawimbi yanagongana. Habu nzima ni eneo moja la mgongano. Swichi husoma anwani ya MAC na kupeleka fremu kwenye tundu la mlengwa, hivyo kila tundu ni eneo lake la mgongano.

Basi swichi inazuia na matangazo, zile fremu zinazotumwa kwa kompyuta zote?
Hapa ndipo wengi wanapokosa. Haizuii. ARP inapouliza nani ana anwani fulani, fremu hutumwa kwa `FF:FF:FF:FF:FF:FF`, na swichi huitoa kwenye matundu yote isipokuwa lile iliyoingilia. Kama haijagawanywa kwa VLAN, swichi nzima ni eneo moja la matangazo. Ruta ndiyo inayoyakatisha.

Chukua swali hili. Ruta ina matundu mawili yanayotumika. La kwanza linakwenda kwenye swichi yenye kompyuta 6, la pili kwenye habu yenye kompyuta 4. Upande wa swichi, kompyuta 6 ni maeneo 6 ya mgongano, na kebo ya kwenda kwenye ruta ni la 7. Kebo hiyo wengi huisahau, na wengine huihesabu mara mbili, kwa swichi na kwa ruta. Upande wa habu, kompyuta zote 4 pamoja na kebo ya ruta ni eneo moja. Jumla 8 ya mgongano, 2 ya matangazo.

Ruta ya nyumbani ina matundu manne ya LAN. Ni maeneo manne ya matangazo?
Hapana, dada. Hayo manne kwa kawaida ni swichi iliyofichwa ndani, eneo moja tu la matangazo. La pili liko upande wa WAN. Ndiyo maana naiweka ya pili: inafaa, ila ukiihesabu kama ruta ya kwenye mchoro wa mtihani utapotea.

Habu utaikuta kwenye mitumba tu. Nunua kama ni ya bei ya kutupa na unataka kuuona mgongano kwa macho; nyingi zina taa iliyoandikwa `COL`. Muuzaji akikuambia habu ni ya Mbps 1000, hiyo ni swichi. Ukiwa na kompyuta ya Linux, chomeka kebo uandike (badilisha `eth0` kama tundu lako lina jina lingine):

```
ethtool eth0
```

Habu itakupa `Duplex: Half`. Swichi isiyo na hitilafu itakupa `Full`, na ikileta `Half`, badilisha kebo kwanza kabla hujagombana na muuzaji.