Kibodi ya Gboard: ishara zinazofaa na zile nilizozima

Mimi ni katibu wa kikoba chetu. Kila baada ya kikao natuma kwenye kundi la WhatsApp orodha ya hisa, marejesho na faini, na wanachama wakichelewa kuiona simu zinaanza kuita. Simu yangu ni Tecno ya kawaida, kibodi ni Gboard iliyokuja nayo dukani. Sina kompyuta, kwa hiyo kila tarakimu inapita kwenye kidole gumba.

Nasema hivyo kwa sababu kusifu kibodi kwa kuandika "mambo, uko poa?" ni rahisi. Orodha ya kikoba ndiyo inayoikamata. Ina maelfu yenye mkato, ina ile `/=` ya shilingi, ina vinyota vya kukoleza vichwa, na kwetu ina majina ya Kisukuma yenye ng'. Mstari mmoja wa kawaida unaonekana hivi:

```
Mama Ng'wandu 20,000/=
```

Chukua hicho kiasi peke yake. Kwa njia ya kawaida unagusa `?123`, unaandika 2, 0, mkato na sifuri tatu, unagusa mkwaju. Alama ya sawasawa haipo kwenye ukurasa huo, kwa hiyo unagusa `=\<` kwenda ukurasa wa pili, unagusa `=`, halafu `ABC` kurudi kwenye herufi. Hesabu: miguso 11 kwa kitu chenye alama 8, na katikati kibodi imebadilika sura mara tatu mbele ya macho yako. Mwanachama mmoja mmoja hadi orodha iishe.

Nilichofanya ni kuingia kwenye mipangilio ya kibodi (ile alama ya gia kwenye ukanda wa juu), nikafungua `Preferences`, nikawasha `Number row` na `Long press for symbols`. Matoleo mengine yanaandika jina la hiki cha pili tofauti kidogo, lakini kipo ukurasa huo huo. Cha kwanza kinaweka tarakimu juu ya herufi muda wote. Cha pili kinaleta alama ndogo kwenye kona ya kila herufi, na ukishikilia herufi unapata alama hiyo. Sasa 20,000 ni miguso sita bila kuondoka kwenye herufi, kisha nashikilia nukta, kidirisha cha alama kinafunguka, natelezesha kidole hadi kwenye mkwaju na kuachia, kisha nashikilia R napata `=`. Miguso minane, na kibodi haijabadilika sura hata mara moja.

Alama hizo za kona hazikutupwa ovyo, na ukishaliona hilo huhitaji kuzikariri. Angalia mstari wa chini wa herufi: Z ina `*`, X ina `"`, C ina `'`, V ina `:`, B ina `;`, N ina `!`, M ina `?`. Sasa fungua `?123` uangalie mstari wa tatu. Ni alama zilezile kwa mpangilio uleule. Mstari wa kati nao unafuatana na wa pili wa ukurasa wa alama, kuanzia A yenye `@`. Kwa hiyo kidole kilichozoea alama kilikuwa wapi kinajua tayari kishikilie herufi gani.

Ila hapa niseme ukweli ambao wanaosifia mambo haya huwa hawausemi: kushikilia kunapunguza miguso, hakupunguzi muda kila mara. Gboard inasubiri milisekunde 300 kabla ya kukubali kwamba umeshikilia. Kwa mtu mwenye kidole chepesi, huo ni muda wa kugusa mara mbili. Kwenye `=` ninapata faida kwa sababu ingenigharimu kurasa mbili. Kwenye alama iliyo ukurasa wa kwanza, faida ni ndogo mno.

Ndiyo maana ishara ninayoipenda kuliko zote si kushikilia, ni kuteleza. Weka kidole kwenye `?123`, usikinyanyue. Ukurasa wa alama unafunguka hapo hapo chini ya kidole. Telezesha hadi kwenye alama unayoitaka, achia. Alama inaandikwa na kibodi inarudi kwenye herufi yenyewe. Hakuna kusubiri, na ile `ABC` ya kurudi inakuwa haina kazi tena. Kitufe cha herufi kubwa nacho kinakubali: kutoka kwenye mshale wake teleza hadi kwenye M, unapata M kubwa na inayofuata ni ndogo.

Kwa Kiswahili hili linatatua tatizo la ng'. Watu wengi wanaandika "ngombe" na "ngambo" si kwa kutojua bali kwa uvivu wa kuifuata ritifaa kwenye ukurasa mwingine katikati ya neno. Ritifaa iko mstari wa tatu, karibu kabisa na `?123`, kwa hiyo mtelezo wake ni mfupi: n, g, mtelezo, o, m, b, e. Ukipenda kushikilia C ni sawa pia, lakini utaona mwendo wa neno unakatika kidogo. Lugha ya kibodi nayo iongezwe kwenye `Languages`, vinginevyo kisahihishaji cha Kiingereza kitakurudisha nyuma kwa kubadili maneno ambayo hukukosea.

Sasa nukta ya kugusa nafasi mara mbili. Inasifiwa kila mahali, nami nilikuwa nayo imewashwa kwa muda mrefu. Hebu hesabu kwenye Gboard: nukta kisha nafasi ni miguso miwili. Nafasi mara mbili ni miguso miwili. Hujaokoa kitu! Unachookoa ni kulenga, kwa kuwa kitufe cha nafasi ni kipana na nukta ni kadogo kando yake. Ukiandika huku unatembea au umekaa kwenye daladala, hilo si dogo. Kwenye iPhone hadithi ni nyingine kabisa, kwa sababu kibodi yake ya kawaida haina nukta kwenye ukurasa wa herufi. Huko nukta inataka ukurasa wa `123` kwanza, kwa hiyo nafasi mbili zinaokoa mguso wa kweli kila mwisho wa sentensi. Shemeji yangu ana iPhone na hawezi kuishi bila hiyo, namwelewa.

Kwangu mimi iliniletea kero kwenye orodha. Mhazini wetu anapenda viasi vikae kwenye safu moja upande wa kulia, kwa hiyo baada ya jina ninagusa nafasi mara kadhaa kusogeza. Nikigusa haraka, nafasi mbili za kwanza zinageuka nukta: "Asha.    20,000/=". Ukigusa polepole haitokei, maana inahitaji miguso miwili ifuatane upesi, lakini nani anagusa polepole wakati wanachama wanasubiri? Nikaizima kwenye `Text correction`, inaitwa `Double-space full stop` au `Double-space period` kutegemea Kiingereza cha simu yako. Kwa anayeandika barua na habari ndefu, aiache tu.

Kwenye kusahihisha ndipo Gboard inapostahili sifa. Kidole kikitelezeshwa kushoto au kulia juu ya kitufe cha nafasi, kishale kinatembea ndani ya maandishi herufi kwa herufi. Zamani nikitaka kurekebisha sifuri moja iliyozidi ndani ya 200,000 nilikuwa nadonoa kioo, kishale kinakaa kando, nadonoa tena. Sasa nagusa karibu na pale, kisha namalizia kwa kuteleza. Hasara yake ni kwamba kinaenda kwa mlalo tu, mbele na nyuma. iPhone ukishikilia kitufe cha nafasi kibodi nzima inakuwa kama padi ya kugusa ya kompyuta mpakato, kishale kinapanda na kushuka pia. Hapo wametuzidi. Wenye Samsung na kibodi yake yenyewe, waende kwenye `Swipe, touch, and feedback`, sehemu ya kushikilia kitufe cha nafasi, wachague `Cursor control`.

Kufuta nako kuna mtelezo. Anzia kwenye kitufe cha kufuta, vuta kushoto bila kunyanyua kidole, maneno yanaanza kuwa na rangi moja baada ya jingine. Ukiachia, yote yenye rangi yanafutika. Umevuta kupita kiasi? Rudisha kidole kulia kabla ya kuachia, yanaachiwa. Naitumia sana ninaponakili orodha ya mwezi uliopita na kubadilisha maelezo ya mwisho wa mstari. Hizi mbili, za kishale na kufuta, ziko kwenye `Glide typing`, na kila moja ina swichi yake, kwa hiyo unaweza kuzima uandishi wa kuburuza kidole juu ya herufi ukaziacha zenyewe. Mimi nimezima uandishi wa kuburuza, kwa sababu majina ya watu wetu hauyajui.

Ule muda wa kusubiri wa milisekunde 300 unaweza kupunguzwa, uko palepale `Preferences`. Nilipoushusha hadi chini kabisa, kibodi ikaanza kuona kila mguso wangu kuwa ni kushikilia: "h@bari", "ka#i", "mkop{". Dalili ndiyo hiyo. Ukiona alama zimechomoza katikati ya maneno ya kawaida, muda wako ni mfupi kuliko mguso wako. Kwenye 200 au juu yake kidogo mimi niko sawa. Bibi anayegusa kwa uzito bora abaki na 300 au hata aongeze.

Kilichobaki ni maneno ninayoyarudia: "Marejesho yamepokelewa, asante. Salio lako ni". Hayo nimeyaweka kwenye `Dictionary`, kisha `Personal dictionary`, chini ya `All languages`, na kifupisho chake `mrj`. Nikiandika mrj, sentensi nzima inatokea kwenye ukanda wa mapendekezo, naigusa. Lazima uiguse, ukigonga nafasi tu unabaki na mrj yako. Chagua kifupisho ambacho si neno. Mwenzangu aliweka "sawa" na sasa kila akikubali jambo ukanda unampendekezea masharti ya mkopo. Na usikitegemee kwenye programu ya benki au sehemu ya nywila, kwa kuwa mara nyingi mapendekezo huko hayaonyeshwi, na baadhi ya programu hizo zinaleta kibodi yake zenyewe ambayo haijui ishara hata moja kati ya hizi.