Nililipa laki moja na nusu kutengenezewa majina ya filamu fupi Mwanza

Filamu yetu ina dakika 12, inahusu wavuvi wa dagaa, na tuliirekodi usiku ziwani, ng'ambo kidogo ya Kirumba. Picha tulihariri wenyewe. Majina yanayotokea kwenye skrini mwanzo na mwisho wa filamu, jina la filamu na ya walioshiriki, nikampa kijana mmoja mhariri wa hapa mjini.

Mwanzo alinifurahisha haraka. Jina la filamu linatokea juu ya maji meusi yenye mwanga wa karabai. Fonti ya kwanza ilikuwa nyembamba, kila wimbi likimeta linameza herufi. Akaweka nene, akaisogeza kushoto kwenye giza, akaiacha sekunde nne, muda wa kuisoma mara mbili bila haraka. Ikakaa.

Kilichonisumbua ni majina ya mwisho. Yalipanda, lakini kwa kutetemeka, kana kwamba herufi zina baridi. Kwenye simu sikuona kitu. Kwenye projekta macho yaliuma. Nilidhani kompyuta imezidiwa. Tatizo lilikuwa hesabu. Orodha ilikuwa na mistari 40, kila mmoja pikseli 60, yaani 2,400. Ongeza kimo cha skrini, 1,080, ili mstari wa mwisho nao utoke juu: 3,480. Yeye aliinyoosha ilingane na wimbo wa sekunde 50. Kwa fremu 25 kwa sekunde hizo ni fremu 1,250, hivyo majina yalisogea pikseli 2.78 kila fremu. Nusunusu hiyo ndiyo inayochezesha kingo za herufi. Tulipoweka pikseli 3 kamili, safari ikawa fremu 1,160, sekunde 46.4. Sekunde tatu na nusu zilizobaki tuliacha skrini nyeusi wimbo uishie humo. Mtetemo ukaisha palepale. Kila jina linaonekana sekunde 14, tena zinatosha kabisa.

Mpangilio tulibishana kidogo. Mwanzoni muongozaji anakuja wa mwisho, kabla tu hadithi haijaanza, mwishoni anatangulia. Hapo alikuwa sahihi. Ila mzee nahodha alimtupa chini kabisa kwenye shukrani, pamoja na walioturuhusu kuegesha mtumbwi. Mzee huyu alituendesha usiku tatu, na kwenye tukio la nyavu ndiye aliyeshika karabai mkono ukitetemeka kwa uzito, mwanga ukae usoni mwa mwigizaji. Hiyo ni kazi ya taa. Nikaomba aandikwe kwenye kikosi cha taa, jina lake kamili, na kijana akabadilisha bila kinyongo.

Nitarudi kwake. Ukienda kwa mhariri yeyote, mpe orodha iliyochapwa na kila mhusika awe ameshalikagua jina lake mwenyewe, kwa sababu mimi nilitumia sauti za WhatsApp, na majina matatu ya Kisukuma yalitoka yamekosewa. Kusahihisha kulinigharimu elfu thelathini zaidi na siku mbili.